Urari ulikubali, nikasahihisha kosa moja, ukakataa

*"Mwalimu, nasoma CPA jioni na mchana naandika vitabu vya hadwea moja hapa Kariobangi. Kwenye mtihani wa darasani niliandika kwamba kosa la kuacha na kosa la kutenda hayaharibu urari, nikatiwa mkasi mara mbili, ilhali ndivyo noti zangu zinavyosema. Noti nyingine nilizonunua mjini zinasema la kutenda linaharibu. Kazini nako, urari wa mwezi jana ulikubali shilingi kwa shilingi. Nikagundua kodi ya duka ya 45,000 imeandikwa 54,000 kwenye leja, nikafuta nikarekebisha, na urari ukakataa kwa 9,000. Nirudishe nilivyokuwa nimeandika? Na haya yanayojificha nitayajuaje?"*

Usirudishe ukaishia hapo. Ulichokipata kwenye kodi ya duka ni nusu ya jozi, na nusu ya pili bado imo ndani ya vitabu vyako. Tutaifikia. Kwanza tuyamalize ya darasani, kwa sababu jibu la kazini limo humo humo.

Urari hufanya kazi moja tu. Unachukua masalio yote ya debiti kwenye leja unayajumlisha, unachukua masalio yote ya krediti unayajumlisha, kisha unauliza kama jumla mbili zinalingana. Hauulizi kama mteja ni huyu au yule. Hauulizi kama pesa hizo ni gharama au ni mali. Wala haujui kama kuna ankara iliyoanguka nyuma ya droo. Kwa hiyo mbele ya kosa lolote, kabla hujalipa jina, jiulize: je, kiasi kilichoingia debiti ni sawa na kilichoingia krediti? Kikiwa sawa, hata kama ni sawa kwa upotovu, urari utakubali. Kisipokuwa sawa, utakataa, na utakataa kwa tofauti hiyo hiyo. Wanafunzi wengi hukariri majina na kuyapanga mafungu mawili, yanayoonekana na yasiyoonekana, halafu swali likigeuzwa kidogo wanateleza. Nadhani ndivyo ulivyoteleza wewe.

Chukua mfano wa hadwea. Una mafundi wawili wanaochukua vitu kwa mkopo, na kwenye leja umewaandika Fundi Umoja 1 na Fundi Umoja 2 kwa mitaa wanakofanyia kazi. Fundi wa Umoja 1 anachukua mabati na misumari ya 18,600, atalipa mwisho wa mwezi. Unampa ankara.

Ikiwa nakala ya ankara hiyo ilipotea kabla hujaiandika kwenye daftari la mauzo, basi leja haina habari yoyote. Akaunti ya mauzo imepungukiwa na 18,600 upande wa krediti, na akaunti ya fundi imepungukiwa na 18,600 upande wa debiti. Pande zote mbili zimepungua sawa. Urari utakubali huku umeuza mali bila kuiandika. Hilo ndilo kosa la kuacha ambalo noti zako zinalizungumzia, yaani kuacha muamala mzima.

Sasa badilisha jambo moja tu. Ankara uliiandika kwenye daftari la mauzo, jumla ya daftari ikapelekwa kwenye akaunti ya mauzo, lakini ukurasa wa fundi ukausahau. Krediti imeingia, debiti haikuingia. Urari utakataa, na upande wa krediti utazidi kwa 18,600. Hapa pia umeacha kitu, lakini umeacha mguu mmoja. Soma upya swali la mtihani wako uangalie kitenzi. Likisema ankara "haikuandikwa kabisa kwenye vitabu", urari hauguswi. Likisema "iliandikwa kwenye daftari la mauzo lakini haikupelekwa kwenye akaunti ya mteja", urari umeharibika. Watunga mitihani wanalipenda sana swali hili kwa sababu linamnasa aliyekariri.

Niseme moja hapa kwa haraka, maana utalikuta mbele. Kampuni nyingi huweka kwenye leja kuu akaunti moja ya jumla ya wadaiwa wote, na kurasa za mteja mmoja mmoja zikawa ni kumbukumbu tu pembeni. Katika mpangilio huo, kuusahau ukurasa wa fundi hakutaugusa urari, kwa sababu ukurasa huo haumo ndani ya urari. Kutaonekana pale utakapojumlisha orodha ya wateja na kuilinganisha na akaunti ya jumla. Kwa hiyo kabla ya kujibu, jua ni akaunti gani zinazohesabiwa ndani ya urari.

Tuje kwenye kosa la kutenda, ambako noti zako zinagombana. Zote mbili zina haki, kila moja kwa kwao. Vitabu vya mapokeo ya Uingereza, ambayo ndiyo tunayoyafuata huku kwetu, hulitumia jina hili kwa maana finyu: kiasi ni sahihi, upande ni sahihi, lakini akaunti siyo yake, ingawa ni ya jamii ile ile. Yaani ile 18,600 umeiweka debiti kwa Fundi Umoja 2 badala ya Umoja 1. Debiti ipo, krediti ipo, jumla ya wadaiwa haikubadilika hata senti. Urari unakubali.

Vitabu vingi vya India, ambavyo navyo vimejaa kwenye maduka ya vitabu mjini, huliita kosa la kutenda karibu kila kosa la mkono: kukosea kujumlisha, kuandika upande usiofaa, kupeleka kiasi kisicho sahihi, pamoja na kukosea akaunti. Katika maana hiyo pana, mengine yanaharibu urari na mengine hayaharibu. Ukichanganya noti za pande hizo mbili utajikuta unabishana na mwalimu wako kuhusu jina, wakati hesabu yenyewe haina ubishi. Kwenye karatasi ya mtihani wa hapa, tumia maana finyu. Ukikuta kosa la mkono lisiloingia katika maana hiyo, usilazimishe jina. Lipime tu kwa lile swali la debiti na krediti.

Jaribu hili. Ankara ni ya 18,600. Kwenye daftari la mauzo umeandika sawa, lakini kwenye ukurasa wa fundi umeandika 16,800. Krediti 18,600, debiti 16,800, urari unakataa kwa 1,800. Sasa sogeza kosa nyuma hatua moja: ulikosea tangu kwenye daftari la mauzo, ukaandika 16,800 pale. Mauzo yatabeba 16,800 na fundi atabeba 16,800. Tarakimu ni zile zile, mkono ni ule ule, ila sasa urari unakubali, kwa sababu kosa limeingia mlangoni na kugawanywa sawa kwa pande zote. Hili huitwa kosa la ingizo la kwanza. Na ukiandika viasi sahihi lakini ukavigeuza, ukampa fundi krediti na mauzo debiti, urari pia utakubali, ingawa kila akaunti imekosea mara mbili ya kiasi hicho.

Kosa la kanuni linafanana na la kutenda kwa sura, ndiyo maana watu huyachanganya. Yote mawili yameweka kiasi sahihi kwenye akaunti isiyo yake, na urari huyapitisha yote. Tofauti ni mpaka uliovukwa. Ukiweka bili ya umeme kwenye akaunti ya maji, umekosea, lakini umebaki ndani ya jamii ya gharama. Faida haikusogea. Hilo ni la kutenda. Lakini tuseme hadwea imenunua mashine ya kukatia vyuma ya 64,000, nawe ukaiingiza kwenye akaunti ya matengenezo. Umetoka kwenye mali ya kudumu ukaingia kwenye gharama. Faida ya mwaka imeliwa 64,000 zote, wakati ilipaswa kuliwa uchakavu peke yake. Kama duka linachakaza mashine kwa asilimia 25 kwa mwaka, ilitakiwa 16,000 tu. Faida imepunguzwa kwa 48,000 isivyo halali, na mizania imepungukiwa na mali ya 48,000. Urari haukusema neno.

Nimewahi kukuta kwenye vitabu vya duka moja akaunti ya matengenezo iliyonona kuliko ya mishahara. Nilipoifungua, ndani mlikuwa na jenereta, friji na viti vya ofisi. Mwandishi wa vitabu hakuwa na nia mbaya. Alijitetea kwamba vyote vilinunuliwa "ili duka lifanye kazi", na kwake hayo yalikuwa ni matengenezo.

Sasa turudi kwenye 9,000 yako.

Kodi ya duka ya 45,000 ilitoka kwenye daftari la fedha kwa krediti ya 45,000. Ulipoipeleka leja ukaandika debiti 54,000. Hilo ni kosa la mguu mmoja, na peke yake lingeuvunja urari kwa 9,000, debiti ikizidi. Lakini urari ulikubali. Maana yake ni kwamba mahali pengine palikuwa na kosa jingine la 9,000 lililovuta upande wa pili: krediti fulani imezidi 9,000, au debiti fulani imepungua 9,000. Hayo ndiyo makosa ya kufidiana. Hayana uhusiano wowote; kila moja lilizaliwa siku yake, yakakutana kwenye jumla. Ulipoliondoa moja, lile la pili likabaki uchi. Urari wako haukuharibika jana uliporekebisha. Ulikuwa umeharibika tangu mwezi jana, ila palikuwa na kinyago.

Watu husema kufidiana ni bahati adimu, na mimi sikubaliani kabisa. Kugeuza tarakimu mbili zinazofuatana, kama 45 kuwa 54, siku zote huzaa tofauti inayogawanyika kwa 9. Kwa vile mkono wa binadamu hupenda sana kosa hili, tofauti za 900, 1,800 na 9,000 hujirudia sana, na zinazojirudia hukutana.

Litafute hivi. Andika kwenye karatasi: debiti imepungua au krediti imezidi, 9,000. Tazama kwanza kama kuna muamala wa 9,000 kamili ambao mguu wake wa debiti haukuandikwa. Kisha igawe kwa mbili upate 4,500, utafute kiasi hicho mahali kilipostahili kuwa debiti kikawekwa krediti, kwa sababu kukosea upande huzaa tofauti maradufu. Ukikosa hapo, 9,000 inagawanyika kwa 9, kwa hiyo tafuta tarakimu zilizogeuzwa mahali pa maelfu. Mimi ningeanzia kwenye jumla zinazobebwa kutoka ukurasa mmoja wa daftari la mauzo hadi ukurasa unaofuata, maana huko mtu huandika bila kutazama risiti yoyote. Mfano, chini ya ukurasa wa 14 jumla ni 267,400, na juu ya ukurasa wa 15 imeandikwa 276,400. Mauzo yamezidi kwa 9,000 upande wa krediti, na ndiyo jozi ya kodi yako.

Tukichukulia ni hilo, tazama faida ya mwezi ule. Mauzo yalizidi 9,000, gharama ya kodi ilizidi 9,000, kwa hiyo faida ilitoka sahihi kwa bahati. Lakini kama jozi ingekuwa ni ukurasa wa mteja uliopungukiwa na 9,000, urari ungekubali vivyo hivyo huku faida ikiwa pungufu kwa 9,000 na wadaiwa nao pungufu kwa 9,000. Neno "kufidiana" ni la urari peke yake. Usilibebe ukaliweka kwenye faida.

Wewe ulipokosea ni kwa kufuta. Kosa la leja halifutwi, linasahihishwa kwa ingizo la jarida lenye tarehe na sababu. Na kwa kuwa kosa la kodi ni la mguu mmoja, sahihisho lake halina akaunti ya pili ya kawaida ya kukamata upande mwingine. Ndiyo kazi ya akaunti ya saspensi. Rudisha maandishi ya leja yalivyokuwa, kisha andika: debiti saspensi 9,000, krediti kodi ya duka 9,000, maelezo "kodi ya mwezi fulani iliandikwa 54,000 badala ya 45,000". Sasa urari utalingana tena, lakini kwa uaminifu, kwa sababu ile 9,000 isiyojulikana iko wazi kwenye saspensi ambako kila mtu anaiona. Siku utakapopata jozi, andika debiti mauzo 9,000, krediti saspensi 9,000. Saspensi itabaki sifuri.

Makosa ya kuacha muamala mzima, ya kutenda na ya kanuni hayapiti saspensi. Yale yaliingia sawa kwa pande zote, basi hutoka sawa kwa pande zote. Ya Umoja husahihishwa kwa debiti Fundi Umoja 1 na krediti Fundi Umoja 2. Mashine, kwa debiti mashine 64,000 na krediti matengenezo 64,000, kisha uandike uchakavu wake. Kwenye mtihani, ukiona umepeleka kosa la kanuni saspensi, rudi nyuma.

Kuhusu kuyajua yanayojificha, urari hautakusaidia, kwa hiyo tumia ushahidi wa nje ya leja. Muamala ulioachwa utaupata kwa namba za mfululizo: ukiwa na ankara ya 0412 na ya 0414, uliza 0413 iko wapi. Ukilinganisha orodha ya ankara zilizotumwa eTIMS na daftari lako la mauzo, utapata ankara ambayo KRA wanayo nawe huna. Taarifa ya benki na ya M-Pesa hufanya kazi hiyo upande wa fedha. Kosa la kutenda hugunduliwa kwa kuwatumia wateja taarifa za akaunti zao kila mwisho wa mwezi, ila fahamu kwamba utasikia upande mmoja tu. Fundi wa Umoja 2 atapiga simu kwa hasira kwamba hakuchukua mabati. Yule wa Umoja 1 atanyamaza kimya. Kosa la kanuni hutafutwa kwa jicho: fungua akaunti ya matengenezo na ya gharama ndogondogo, simama kwenye kila kiasi kikubwa, omba risiti.

Na usidhani kompyuta imelimaliza tatizo. Programu kama QuickBooks haitakuruhusu kuhifadhi ingizo la jarida lisilolingana, kwa hiyo makosa ya mguu mmoja hupungua mno. Yanayobaki ni yale yale ambayo urari hauyaoni. Aliyehamia kwenye programu ana urari unaokubali kila siku, na ndiye anayepaswa kuuamini kidogo zaidi.

Kuna mahali pa kusimama na kumwita mtu. Ukigundua ankara ya mauzo iliyoachwa katika mwezi ambao ritani yake ya VAT imekwisha kupelekwa, hilo si la kumaliza kwenye jarida peke yake. Ritani ile inahitaji kurekebishwa kwenye iTax, na ni bora afanye mtu aliyezoea, akiwa ameziona hati zenyewe. Kosa la kanuni lililo ndani ya mwaka uliokwisha kukaguliwa lipeleke kwa mkaguzi wa duka kabla hujagusa kitu. Na ikiwa saspensi imekaa na salio miezi miwili umeshindwa kulitegua, mwambie mwenye hadwea atafute mhasibu aliyesajiliwa na ICPAK aje akae na vitabu mezani. Usimtumie picha za kurasa kwa simu. Kwenye picha, 4 na 9 za mwandiko wa haraka hazitofautiani.